Lebo ikikatwa kwenye kitufe: apunguze mfasiri au kipanuke kitufe?

Programu ikishatafsiriwa na lebo zikaanza kukatika, mbunifu humwambia mfasiri atafute neno fupi, na mfasiri humwambia mbunifu apanue kitufe. Kila mmoja ana hoja, lakini hazina uzito sawa. Kabla ya kuamua nani arekebishe kazi yake, ni vizuri kupima nafasi iliyopo, maana mara nyingi nafasi inatosha na tatizo ni jinsi ilivyogawanywa.

Chukua simu ambayo skrini yake ina upana wa pikseli 360 za CSS, kipimo cha kawaida kwa simu za Android. Chini ya fomu kuna vitufe viwili: “Ghairi” na “Hifadhi mabadiliko”. Ukitoa pikseli 16 za ukingo kila upande zinabaki 328. Mbunifu ameacha mwanya wa 12 kati ya vitufe, kisha akavigawa sawasawa, kila kimoja 158. Ndani ya kitufe ameweka nafasi ya 24 kushoto na 24 kulia, kwa hiyo maandishi yamebakiwa na pikseli 110. Kwa fonti ya kawaida ya ukubwa wa 16, herufi moja huchukua wastani wa pikseli 8 hivi. Hapo zinaingia herufi 13 au 14. Lebo ya Kiingereza, “Save changes”, ina 12 pamoja na nafasi, ndiyo maana mchoro wa awali ulionekana hauna kasoro. “Hifadhi mabadiliko” ina 18, yaani kama pikseli 140.

Kinachofuata kinategemea jinsi kitufe kilivyoandikwa. Kama kina `white-space: nowrap`, `overflow: hidden` na `text-overflow: ellipsis`, utaona “Hifadhi maba…”. Kama maandishi yameruhusiwa kushuka mstari lakini urefu umefungwa kwa `height: 40px`, mistari miwili ya pikseli 24 inahitaji 48, na maneno yatatoka nje ya kitufe juu na chini, au yatafyekwa ikiwa kuna `overflow: hidden`. Kama mstari umezuiwa kuvunjika na hakuna kinachokata, maneno yatamwagika nje ya kitufe, na lebo ikiwa ndefu zaidi yatafika hadi juu ya kitufe cha jirani. Ukiona mojawapo ya dalili hizi, unajua mara moja ni kanuni ipi ya kuitafuta.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. “Ghairi” inahitaji pikseli 50 hivi, ilhali imepewa 110. Kitufe kimoja kina nafasi ya ziada na mwenzake kinabanwa. Ukiacha kila kitufe kianze na upana wa maneno yake, ukapunguza nafasi ya ndani kuwa 16 kila upande, “Ghairi” kitachukua 82 na “Hifadhi mabadiliko” 172. Ukijumlisha na mwanya unapata 266, na bado zimebaki pikseli 62 za kugawana. Hakuna neno lililofupishwa.

```css
.vitendo {
  display: flex;
  flex-wrap: wrap;
  gap: 12px;
}
.vitendo button {
  flex: 1 1 auto;
  min-height: 48px;
  padding: 8px 16px;
  font: inherit;
  line-height: 1.25;
  border: 0;
}
```

Mistari inayofanya kazi hapa ni mitatu. `flex: 1 1 auto` hupima maneno kwanza, kisha hugawa kilichobaki. `flex-wrap: wrap` hushusha kitufe kizima kwenye safu ya pili vikishindwa kukaa pamoja, na hufanya hivyo kabla ya kuvunja maneno ndani ya kitufe. `min-height` badala ya `height` huruhusu kitufe kukua: lebo ikifika mistari miwili, yaani 20 mara mbili pamoja na 16 za nafasi ya ndani, kitufe kinakuwa na urefu wa 56 na hakuna kinachokatwa.

Jaribio gumu zaidi ni lile la “Futa ujumbe kwangu” na “Futa ujumbe kwa wote”. Kwa mgawanyo wa sawasawa wenye vitone vitatu, vyote viwili vitasomeka “Futa ujumbe…”. Sehemu inayotofautisha tendo moja na jingine iko mwisho, na ndiyo iliyofichwa. Mtu anabonyeza bila kujua ujumbe utafutika kwa nani. Hapa kukata si dosari ya sura tu. Kwa kanuni za juu, vitufe hivi vinahitaji takriban 176 na 192, ambazo pamoja na mwanya ni 380, zaidi ya 328. Kwa hiyo vinapangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikichukua upana wote, na vinasomeka vyote.

Wanaopinga wana hoja ya kweli: skrini hubadilika sura kutoka lugha moja hadi nyingine. Mwongozo wa maandishi unaosema “bonyeza kitufe cha kulia” utampotosha anayeviona vimepangwa juu na chini. Gharama hiyo ipo, lakini inalipika kwa kutaja kitufe kwa jina lake badala ya mahali kilipo.

Hoja nzito zaidi ni ya mwambaa wa chini wa programu, wenye vichupo 5. Ukigawa 360 kwa 5 unapata 72 kwa kila kichupo, na hakuna safu ya pili ya kukimbilia. Kwa fonti ya ukubwa wa 12, “Mipangilio” inaingia. “Mipangilio ya akaunti” haiingii. Hapa mfasiri ndiye wa kupunguza, na ni haki kumwomba, mradi apewe picha ya skrini. Akiona kwamba kichupo kinafungua mipangilio yote, atajua neno moja linatosha. Akipewa orodha ya maneno matupu ataandika kirefu ili asikosee maana, na hawezi kulaumiwa kwa hilo.

Kikomo cha herufi peke yake hakimsaidii sana. Herufi m ina upana wa i kadhaa, kwa hiyo lebo mbili za herufi 12 zinaweza kutofautiana kwa pikseli nyingi. Vifupisho kama “Hif. mabad.” ni vibaya zaidi, kwa kuwa kisoma skrini kinachotumiwa na wasioona huvitamka ovyo. Kupunguza fonti ili neno liingie nako hakufai: vitufe jirani vinapata maandishi ya ukubwa tofauti, na anayeumia ni yule yule mwenye macho dhaifu.

Pia usisubiri tafsiri ndipo uone kasoro. Mwongozo wa IBM wa tafsiri, ambao W3C huunukuu, unakadiria kwamba maneno ya Kiingereza yasiyozidi herufi 10 yanaweza kufika mara 2 hadi 3 ya urefu wake, wakati aya ndefu huongezeka kwa asilimia 30 hivi. Vitufe vingi viko kwenye kundi la kwanza au karibu nalo. Kwenye Android, washa `pseudoLocalesEnabled` katika `build.gradle` kisha chagua lugha ya majaribio `en-XA`, inayorefusha kila lebo. Kwenye kivinjari, punguza dirisha hadi 360 na uandike hivi kwenye konsoli:

```js
[...document.querySelectorAll('button')].filter(
  b => b.scrollWidth > b.clientWidth ||
       b.scrollHeight > b.clientHeight
)
```

Orodha inayorudi ni ya vitufe ambavyo maudhui yake yamezidi nafasi. Kama maneno yamefungwa ndani ya `span` yenye vitone vitatu, pima `span` hiyo, kwa sababu kitufe chenyewe kitaonekana kizima. Rudia baada ya kukuza maandishi hadi asilimia 200, kiwango ambacho miongozo ya ufikivu ya WCAG inataka kifikiwe bila maudhui kupotea. Vitufe vingi vilivyofaulu kwa Kiswahili katika ukubwa wa kawaida hushindwa hapo, hata vikiwa kwa Kiingereza.