Dola 20,000 mara tatu: kununua bitkoini karibu na kilele ni kuchelewa kila mara?

*Yaya, bitkoini imeisha kupanda sana. Nikinunua sasa, karibu na bei ya juu kabisa, si nitakuwa ninalipa faida ya wale walionitangulia?*

Pengine ndiyo, ila bei peke yake haiwezi kukwambia. Chukua bei moja tu, dola 20,000, uone bitkoini ilivyopita hapo mara tatu.

Mara ya kwanza ni tarehe 17 Desemba 2017. Bei iligusa karibu dola 20,000, kilele kipya cha wakati ule. Aliyenunua siku hiyo, mwaka mmoja baadaye alikuta bei iko kwenye 3,200 hivi: katika kila dola 100 alizoweka, zilibaki kama 16. Ili pesa yake irudi, bei ilipaswa kupanda zaidi ya mara sita, naye alingoja miaka mitatu.

Mara ya pili ni tarehe 16 Desemba 2020. Bei ilivuka 20,000, kilele kipya tena, na maneno ya watu yalikuwa yale yale: umechelewa. Wiki tatu baadaye ilikuwa 40,000. Kilele kwa kilele, bei ile ile, mmoja akalia na mwingine akacheka.

Mara ya tatu ndiyo inayosahaulika. Juni 2022 bei ilirudi 20,000, safari hii ikitoka juu, kwenye 69,000 ya Novemba 2021. Wengi waliona kama ni bei ya kuokota. Lakini iliendelea kuteremka mpaka karibu 15,500 mwezi wa Novemba. Hata yule aliyecheka Desemba 2020, kama hakuuza, sasa alikuwa chini ya pesa yake. Kwa hiyo mimi siwezi kukubali kwamba kilele ni hatari na mteremko ni salama. Vyote viwili vimewahi kuumiza watu kwa bei hiyo hiyo.

*Lakini karibu na kilele, mbona inakuwa kama kuna mtu anaisukuma chini?*

Wapo, na ni wengi. Fikiria mtu aliyenunua kwa 69,000 mwaka 2021. Miaka zaidi ya miwili anaamka akitazama hasara. Siku bei inapofika pale alipoingilia, hataki faida tena, anataka kutoka tu na pesa yake. Tarehe 5 Machi 2024 bei iligusa 69,000, na siku ile ile ikaanguka chini ya 60,000. Siku tatu baadaye ikapita 70,000.

Ikishapita kilele cha zamani, kila mwenye bitkoini yuko kwenye faida na hakuna tena anayengoja kurudishiwa pesa yake. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu ya wale wanaonunua kileleni, na si ujinga. Udhaifu wake ni kwamba mtu mwenye faida naye anaweza kuuza wakati wowote, tena bila uchungu. Baada ya karibu 73,700 katikati ya Machi, ilibidi kungoja mpaka Novemba 2024 bei ipite pale. Katikati, mwezi wa Agosti, ilifika 49,000.

*Basi niachane na bitkoini, ninunue sarafu ndogo iliyoshuka asilimia tisini. Hiyo haiwezi kushuka tena sana, ao?*

Hapa ndipo ninapoona vijana wa kwetu wakipoteza zaidi kuliko kileleni. Sarafu iliyotoka 100 ikafika 10 ilipita kwanza kwenye 20. Aliyenunua kwa 20 akisema "imeshuka asilimia themanini, itaenda wapi tena?" amepoteza nusu ya pesa yake.

Sisi wa Lubumbashi tungepaswa kulielewa hili kuliko wengine. Shaba ilipita dola 10,000 kwa tani Februari 2011, ikaanguka mpaka chini ya 4,500 mwanzoni mwa 2016, na ilirudi juu ya kilele chake mwaka 2021. Miaka kumi. Kobalti nayo ilipita 90,000 mwaka 2018, ikapanda tena mwaka 2022 bila kufika pale, na mwanzoni mwa 2025 ilikuwa chini sana hata serikali ya Kongo ikasimamisha kuiuza nje. Madini mawili, ardhi moja, wachimbaji wale wale. Moja lilirudi kwenye kilele chake, lingine bado.

Sarafu ziko vivyo hivyo, ila zenyewe hazina kiwanda kinachozihitaji. Litecoin ilipita dola 400 Mei 2021 na haijarudi. LUNA ilikuwa karibu 119 mwanzoni mwa Aprili 2022. Mwezi uliofuata, kwa siku chache tu, ilibaki vipande vya senti. Aliyeinunua imeshuka nusu alidhani ameokota.

Kabla ya kununua sarafu ndogo, fungua ukurasa wake kwenye CoinGecko, tovuti ya bei za sarafu, linganisha `Market Cap`, yaani thamani ya sarafu zilizoko sokoni, na `Fully Diluted Valuation`, yaani thamani kama zote zingekuwa zimetolewa. Namba ya pili ikiwa mara tano ya ya kwanza, maana yake sarafu nyingi bado hazijatolewa sokoni. Kila zikitolewa, wewe unagawana bei na watu ambao pengine walizipata karibu bure.

*Nina dola 600. Niingize zote, ao kidogo kidogo?*

Tuhesabu. Aliyeweka 600 zote kwenye kilele cha Desemba 2017 alingoja mpaka Desemba 2020. Aliyeweka 50 katikati ya kila mwezi kuanzia pale, kwa mwaka mmoja, alinunua ikiteremka njia yote, na wastani wake ulitoka karibu 8,000. Juni 2019 bei ilipita 10,000, naye akawa tayari kwenye faida. Kilele kile kile, lakini yeye alitoka kwenye hasara mwaka na nusu mapema.

Ila rudia hesabu hiyo kuanzia Desemba 2020. Wa dola 50 alinunua ikipanda, wastani wake ukapita 40,000, mara mbili ya yule aliyeingiza zote siku ya kwanza. Novemba 2022 yeye ndiye aliyekuwa na hasara kubwa. Kugawa kunakupunguzia adhabu ya kukosea siku, na unailipia pale ambapo kumbe ulikuwa hukukosea. Mimi ningegawa, kwa sababu sijui niko Desemba ipi.

*Sasa nitajuaje kama mimi nimechelewa?*

Angalia tarehe ambayo pesa hiyo itahitajika nyumbani.

Novemba 2021 niliweka dola 300, bei ikiwa karibu 64,000. Zilikuwa pesa za masomo ya watoto za mwaka unaofuata; nilijidanganya kwamba zitakuwa 500 kabla ya Septemba. Septemba ilipofika bei ilikuwa kwenye 20,000. Nilisimama chini ya parasoli ya muuzaji wa pesa za simu pale Katuba, nikatoa dola 90 na kitu, mama watoto akiwa pembeni na karatasi ya shule mkononi. Zilizobaki nilikopa kwa shemeji.

Machi 2024 bei ilirudi pale niliponunulia, ikapita. Kama zingekuwa pesa ambazo hakuna aliyezingoja, leo ningekuwa nasimulia hadithi nyingine kuhusu kilele kile kile.