Picha ya Ukurasa Bila Neno: Kunakili, Kufupisha, Kusahihisha au Kutafsiri?

"Mteja amenitumia kwa wasapu picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Hajasema anataka nini, na simu yake haipatikani. Niitaipu ilivyo, nimfupishie, nimrekebishie makosa au nimtafsirie?" Anauliza kijana wa saiba, Kondele, Kisumu.

Inakili kwanza, na makosa yake yote. Najua wengi wanaofanya kazi hii hawatakubali, na hoja yao si nyepesi. Wanasema hakuna anayelipa ili arudishiwe makosa yake mwenyewe yakiwa yamepigwa chapa. Kurasa nyingi za mkono zinazofika saiba za Kisumu mwishoni mwa juma ni wasifu wa marehemu, wa kutiwa kwenye programu ya mazishi. Mfiwa ameandika usiku, amechoka, karudia neno lilelile mara mbili. Ukimwachia hivyo, ni aibu itakayosomwa kwa kipaza sauti mbele ya kijiji kizima.

Kwa wasifu niko pamoja nao. Rekebisha tahajia, nyoosha sentensi. Hata hapo, usiguse mpangilio wa majina. Nani ametajwa kwanza kati ya wake wa marehemu, na watoto wa nyumba gani wanafuata, ni mambo ambayo huenda familia ilikesha ikiyajadili. Kijana wa saiba akipanga kwa herufi ili pawe nadhifu, amezua kesi.

Ila karatasi iliyomletea mwulizaji wetu shida haikuwa wasifu. Alinionyesha picha huku akifunika majina kwa kidole: ukurasa wa kaunta buku, kalamu ya buluu, na juu kabisa "Makubaliano ya kuuziana shamba". Yaliyomo ni ya kawaida huku kwetu. Kipande cha futi 50 kwa 100 kinauzwa kwa shilingi 350,000. Muuzaji amepokea 280,000. Kisha inafuata: "baki ni 80,000 italipwa baada ya mavuno". Mistari mitatu ya mwisho ni Kidholuo, inaeleza mpaka unapopita. Tarehe iko pembeni, na nambari ya siku inaweza kuwa 11 au 17. Chini kabisa, nusu ikiwa imekatwa na picha, kuna herufi P.T.O.

Msahihishaji mwema ataona kosa mara moja. Toa 280,000 kwenye 350,000, unabaki na 70,000, kwa hiyo ataandika 70,000 na kujiona amesaidia. Lakini hesabu ile ina nambari tatu, na yoyote kati yake inaweza kuwa ndiyo iliyokosewa. Labda bei ilikuwa 360,000. Labda kilichopokewa ni 270,000. Katika picha, ile 5 ya bei imeandikwa juu ya tarakimu nyingine, na ukiikuza unaona wino umepita mara mbili. Anayebadilisha 80,000 ameamua ugomvi wa shilingi 10,000 kati ya watu asiowajua, tena bila kuacha alama kwamba ameamua. Kwa macho yangu hilo ni baya kuliko ukurasa wenye makosa kumi ya tahajia.

Tarehe nayo si jambo dogo. Kwa shamba la kilimo, sheria ya Kenya inataka idhini ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanywe, la sivyo mauzo yanabatilika, ingawa mahakama inaweza kuongeza muda. Muda ukiwa umekaribia kuisha, siku 6 kati ya tarehe 11 na 17 zina uzito. Kwa hiyo haichapwi 11 wala 17 kana kwamba ni wazi. Huchapwa hivi: "tarehe 1[1 au 7, haisomeki vizuri]". Pale kwenye bei: "350,000 [tarakimu ya pili imeandikwa juu ya nyingine]". Neno lililopigwa mstari hubaki, likiwa na "[limekatwa]" mbele yake. Penye sahihi huandikwa "[sahihi]", na penye wino wa kidole "[alama ya dole gumba]". Mabano hayo yanamwambia msomaji kwamba aliyetaipu hakubuni kitu.

Wanaopenda kufupisha wana hoja yao pia. Tazama kama ujumbe una alama ya Forwarded. Ukiwa nayo, huenda aliyekutumia si aliyeandika. Inawezekana ni ndugu aliye Nakuru ambaye ametumiwa ukurasa na wazee, hauelewi, na anataka tu kujua unasema nini. Kumtaipia ukurasa mzima ni kumrudishia mzigo uleule. Ni kweli. Tatizo ni kwamba muhtasari wa karatasi hii utasema "mnunuzi anadaiwa elfu 80", na pale pale ile hesabu isiyolingana, jambo muhimu kuliko yote ukurasani, imepotea. Sentensi moja juu ya nakala inatosha: "Hii inaonekana ni makubaliano ya kuuza kiwanja, tarehe na hesabu ya baki zina utata." Zaidi ya hapo mwache aulize.

Kutafsiri ndiko ninakokuwekea mpaka mkali zaidi. Mahakama za chini hutumia Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo ile mistari ya Kidholuo huenda ikahitaji tafsiri siku moja. Siku hiyo atatakiwa mtu anayejitokeza kwa jina lake na kusema mimi ndiye niliyetafsiri. Tafsiri ya haraka ya mpaka wa shamba, iliyochomekwa katikati ya nakala kana kwamba karatasi yenyewe ndivyo isemavyo, haimfai yeyote. Itaipu mistari hiyo kwa Kidholuo chake. Kama huijui lugha, itaipu herufi kwa herufi kisha mpe anayeijua akusomee kabla hujatuma.

Halafu kuna ile P.T.O. Maana yake ukurasa una nyuma, na kwa makubaliano ya shamba nyuma ndiko mara nyingi waliko mashahidi. Sheria inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi ishuhudiwe. Bila upande wa pili una nusu ya kitu, hata ukiitaipu vizuri namna gani. Umwombe aupige picha kwenye mwanga wa mchana, pembe zote nne zionekane, na autume kama Document, maana wasapu ikiituma kama picha ya kawaida huipunguza ubora, na hapo 1 na 7 hufanana.

Ujumbe wa kumwachia, akiwasha simu aukute, unaweza kuwa mfupi: "Habari yako mzee. Nimetaipu ukurasa ulivyo, sijabadilisha kitu. Naomba upande wa nyuma. Bei ni 350 au 360? Tarehe ni 11 au 17? Ukitaka nikurekebishie lugha au nikutafutie mtafsiri, niambie." Mtoze bei ya kutaipu tu hadi ajibu. Umkumbushe pia asiitupe ile karatasi ya kaunta buku kwa kuwa sasa ana nakala safi. Mbele ya hakimu, ushahidi wa kwanza ni karatasi yenyewe yenye wino na sahihi, na kazi yako itakuwa ya kusaidia kuisoma tu.