Pindua mara moja, si mara mbili

Wanafunzi wengi wanaokosea kuchora mmenyuko wa SN2 wanaielewa nadharia vizuri. Wanajua kwamba nukliofili huishambulia kaboni kutoka nyuma, nyuzi 180 kutoka kundi linaloondoka, kwa sababu huko ndiko inakoelekea sehemu kubwa ya obitali tupu ya kifungo kinachovunjika. Wanajua pia kwamba kaboni hugeuka ndani nje kama mwavuli uliopigwa na upepo. Kinachowaponza, kwa maoni yangu, ni kufundishwa njia mbili za kuchora, kugeuza mwavuli na kubadilisha kabari, bila kuambiwa kwamba hazichanganywi.

Chukua (R)-2-bromobutani na azaidi. Iweke bromini kulia kwa kaboni. Kushoto, ethili iende juu kwenye ubapa wa karatasi, hidrojeni iwe kwenye kabari nene, yaani inamwelekea msomaji, na methili kwenye kabari ya vistari. Azaidi inaingia kutoka kushoto, nayo makundi matatu yanasukumwa kulia. Hidrojeni inabaki kwenye kabari nene, methili kwenye vistari. Hii tayari ni (S)-2-azidobutani, kazi imekwisha. Lakini mwanafunzi anakumbuka kanuni ya "badilisha kabari," anaibadilisha, na papo hapo anairudisha molekuli kwenye R. Amepindua mara mbili. Mchoro unapendeza macho, mwavuli umegeuka, na jibu ni kosa.

Ningependa mwavuli ubaki kwenye maelezo ya utaratibu tu. Kwenye jibu, chora mnyororo wa zigizaga uleule bila kuugusa: bromini ikiwa kwenye kabari nene, azaidi ikae mahali palepale kwenye vistari. Kaboni nyingine zisisogee hata kidogo.

Kisha hakikisha kwa kupanga vipaumbele upya, ila usidhani R lazima iwe S. Katika 2-bromobutani herufi hubadilika kwa kuwa bromini na azaidi zote zinashika nafasi ya kwanza. Sasa iweke sayanidi mahali pa bromini kwenye (R)-2-bromo-1-methoksipropani. Bromini ilikuwa ya kwanza, lakini sayanidi inashindwa na kundi la CH2OCH3, maana oksijeni huishinda nitrojeni pale tofauti inapojitokeza mara ya kwanza. Nafasi mbili za juu zimebadilishana, kaboni nayo imepinduka, kwa hiyo zao bado ni R. Anayeangalia herufi peke yake atasema hakuna kilichopinduka.

Ushahidi wenyewe wa kupinduka haukutegemea herufi. Mwaka 1935 Hughes na wenzake waliiweka 2-iodooktani pamoja na iodidi yenye mnururisho ndani ya asetoni. Mzunguko wa nuru ulipotea kwa kasi maradufu ya ile ya iodini kubadilishana. Kati ya molekuli 100 za R, zikibadilishana 10 na zote zikapinduka, hubaki R 90 na S 10. Kila S inafuta R moja, hivyo mzunguko unashuka hadi asilimia 80.