Mshahara wa Bungoma usipange bei ya kazi ya Kisumu

"Anti, kesho nina intavyuu Kisumu, kazi ya kusimamia stoo ya dawa za mifugo na mbegu. Rafiki yangu aliulizwa, 'Kwa sasa unalipwa ngapi?' Akasema, wakamwongezea kidogo tu. Mimi niseme ukweli, nidanganye ama ninyamaze?"

Aliyeuliza ni mpwa wangu, na nilimjibu kwa simu kwa ufupi kwa sababu alikuwa ndani ya matatu. Hili ndilo jibu refu, naye ameniruhusu nitumie hesabu zake.

Kwanza nilimwambia afungue peislipu yake, kwa sababu hatari kubwa haikuwa katika yale matatu aliyoyataja. Anafanya kazi katika agroveti moja mjini Bungoma. Ukimuuliza analipwa ngapi, atakwambia "elfu thelathini na sita." Hiyo ndiyo pesa anayoiona kwenye simu mwisho wa mwezi. Peislipu inasema 45,000. Katikati kuna NSSF ya asilimia 6, SHIF ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, kisha kodi ya mapato inayobaki karibu 4,500 baada ya nafuu ya 2,400. Akikatwa hayo yote, anabaki na takriban 35,900.

Sasa mweke mbele ya mwajiri wa Kisumu. Anaulizwa, anajibu "thelathini na sita." Waajiri huhesabu mshahara kabla ya makato, kwa hiyo bwana yule anaandika 36,000. Anaona binti ni mzuri, anamwongezea asilimia 20 kwa moyo mkunjufu na kumpa 43,200. Wanapeana mikono wakifurahi wote wawili. Mwezi ukiisha, mpwa wangu atashika kama 34,750 mkononi. Ameacha kazi, amehama mji, na amepoteza zaidi ya elfu moja kila mwezi ndani ya kitu kilichoitwa nyongeza. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili kwa miaka 11, na kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko uongo.

Kuna jambo jingine ambalo peislipu hailionyeshi. Kule Bungoma analala katika chumba kilicho nyuma ya duka, bila kulipa kodi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, humtaka mwajiri atoe nyumba ya kuridhisha au pesa za kumwezesha mfanyakazi kupanga, na mwajiri wake alichagua kutoa nyumba. Chumba cha aina hiyo Kisumu tulikikadiria 7,000 kwa mwezi. Ili abaki pale pale alipo, bila faida yoyote, anahitaji 7,000 zaidi mkononi. Katika ngazi yake ya kodi, kila shilingi 100 inayoongezwa kwenye mshahara humfikia kama shilingi 63. Kwa hiyo 7,000 za mkononi ni nyongeza ya kama 11,100 kwenye karatasi. Maana yake ni kwamba 45,000 ya Bungoma ni sawa na 56,000 ya Kisumu, na hapo hata hajaanza kudai thamani ya kazi kubwa zaidi. Nilipomsomea hesabu hiyo alinyamaza, kisha akauliza kama nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Hapo ndipo naona udhaifu wa swali lenyewe. Linaomba nambari moja kana kwamba nambari hiyo inajieleza.

Lakini tumsikilize mwajiri pia, maana si kila anayeuliza ana nia ya kubana. Mfanyabiashara wa Kisumu mwenye bajeti ya 55,000 hataki kuita watu watano, awapotezee siku nzima, kisha agundue kwamba watatu kati yao hawawezi kushuka chini ya 80,000. Anaogopa pia kuajiri mtu atakayeondoka baada ya miezi miwili. Wengine hutumia mshahara wa zamani kupima madai. Mtu anasema alikuwa meneja, lakini malipo yake yalikuwa ya karani, basi wanashuku. Hofu mbili za kwanza nazielewa kabisa. Ila zote mbili hutibiwa na swali jingine: "Unatarajia kulipwa kiasi gani?" Ukishalijua hilo, unajua kama mtaelewana. Hofu ya tatu ina nguvu kidogo tu, kwa sababu huku kwetu magharibi biashara nyingi ni za familia, na mtu anaweza kuendesha duka zima, funguo zote mfukoni mwake, huku akilipwa kama karani. Ukiondoa hizo tatu, kazi inayobakia kwa swali hili ni kumwezesha mwajiri kulipa kidogo kadiri itakavyokubaliwa. Si dhambi kwa mfanyabiashara kutaka hivyo, wala si wajibu wa mwombaji kumsaidia.

Kuna sehemu zilizoamua kulizuia swali hili. Jimbo la California lilipiga marufuku swali hilo kuanzia 2018, na agizo la Umoja wa Ulaya la 2023 kuhusu uwazi wa mishahara linawakataza waajiri kuuliza malipo ya zamani. Kenya haina katazo kama hilo, na mtu asikudanganye kwamba unaweza kumtishia msaili kwa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa zinazokusanywa zihusiane na lengo na zisizidi zinazohitajika, hoja nzuri kwa wakili lakini kauli mbaya kwa mtu anayetafuta kazi. Kinachonivutia zaidi ni kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira, kinachodai malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Kipimo chake ni kazi. Hata cheti cha utumishi ambacho mwajiri hulazimika kukupa ukiondoka, chini ya kifungu cha 51, hutajwa humo aina ya kazi na tarehe zako. Mshahara haumo katika orodha ile.

Kuhusu kudanganya, nilimkataza, na sababu yangu ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kidini. Wauzaji wa dawa za mifugo wa Bungoma na wa Kisumu hununua kwa wasambazaji walewale na wana nambari za simu za wenzao. Pia waajiri wengine huomba peislipu za miezi mitatu kabla ya kutoa barua, na fomu ya P9 ya kodi huonyesha malipo ya mwaka mzima. Aliyesema 60,000 akatoa karatasi ya 45,000 hupoteza kazi ambayo angeipata.

Kunyamaza nako kuna gharama. Anayekataa kavu huonekana ana kiburi, au hudhaniwa kwamba analipwa kidogo sana na anaona haya. Ndiyo maana nilimshauri alipeleke swali kwenye kazi yenyewe. Ili afanye hivyo bila kuonekana anakwepa, lazima awe na jambo la kweli la kuzungumzia.

Analo. Stoo ya dawa za mifugo hupoteza pesa kwa njia ambazo mwenyewe anazijua. Chanjo ya kideri ya kuku hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Stima ikipotea usiku na hakuna aliyeangalia friji, chupa zinaonekana nzima asubuhi ilhali huenda hazifai tena. Dawa mpya hupangwa mbele kwa sababu ndizo zilizo karibu na mlango, za zamani zinaisha muda wake kule nyuma. Mbegu ya mahindi ikichelewa kufika mashinani, mkulima aliyesubiri mvua za Machi anakuwa ameshapanda ya mwingine, na mzigo ule unakungoja mwakani. Katika duka la Bungoma alianza kupanga rafu kwa tarehe ya kuisha na kuandika joto la friji asubuhi na jioni. Dawa za kutupwa zikashuka kutoka kama 30,000 kwa robo mwaka hadi 8,000, na daftari analo.

Kwa hiyo akiulizwa, jibu tulilolifanyia mazoezi ni hili: "Mshahara wangu wa sasa ulipangwa kwa duka moja, na mwajiri amenipa nyumba, kwa hiyo hautaonyesha vizuri kazi hii. Naomba kuuliza, bwana, stoo hii inalisha maduka mangapi, na mwaka jana mlitupa dawa za kiasi gani?" Kisha anyamaze asikilize. Akiambiwa, kwa mfano, kwamba hutupa dawa za 40,000 kila mwezi, anaeleza alichofanya Bungoma na daftari analiweka mezani. Hapo ndipo anauliza kiasi walichotenga kwa nafasi hiyo. Wakimrudishia mpira, anataja kiwango chake: "Kati ya 65,000 na 72,000 kabla ya makato, pesa za nyumba zikiwa ndani." Maneno "kabla ya makato" asiyasahau hata akitetemeka. Kwa 65,000 atashika kama 48,450, na akilipa chumba anabaki na 41,450, yaani elfu tano na kitu zaidi ya leo. Chini ya 60,000 nilimwambia arudi nyumbani akafikirie.

Asiahidi kwamba atazimaliza hasara zote. Friji ikiwa mbovu na bosi hataki kununua nyingine, daftari halitapoza chanjo. Na kama stoo hutupa dawa za 3,000 tu kwa mwezi, hoja hii haina miguu, itabidi aegemee kitu kingine, pengine usambazaji wa mbegu.

Msaili akiuliza mara ya pili, aelekeze tena kwa upole. Mara ya tatu aseme ukweli, na auseme mzima: "Ni 45,000 kabla ya makato, pamoja na nyumba. Kwa Kisumu hiyo ni kama 56,000, na kazi hii ni kubwa zaidi." Wanaoshauri watu wasiseme kamwe, nadhani wengi wao hawajawahi kuwa na kodi ya nyumba ya miezi miwili nyuma. Mpwa wangu ana kazi, ndiyo maana anaweza kuelekeza mara mbili. Asiye na kazi anaweza kuelekeza mara moja tu.

Na zipo nafasi ambazo mzunguko huu wote hauna maana. Kazi ya kaunti ina kundi lake la kazi na ngazi zake za mshahara, kwa hiyo jaza fomu kama inavyodai. Mtu aliyekuwa akilipwa zaidi ya soko naye hana sababu ya kuficha, kwake nambari ya zamani ni silaha.

Jambo la mwisho nililomwambia lilihusu barua ya ajira. Akipewa, asitie sahihi kabla hajaona mambo mawili kwa maandishi, kama kiasi kile ni kabla ya makato, na kama nyumba imo ndani yake au iko kando. Alisema ataipiga picha anitumie.