Homa Wakati wa Kuongezewa Damu: Kwanza Funga Dripu

Kuna tabia wodini inayoniudhi. Mgonjwa anaongezewa damu, anaanza kutetemeka na joto linapanda, kisha mtu anasema: "Punguza kasi, mpe parasetamoli, tuone." Wenye tabia hii wana hoja. Homa nyingi za namna hii hazina madhara makubwa, kwa kuwa husababishwa na chembe nyeupe zilizobaki kwenye mfuko au kemikali zilizotolewa na chembe hizo damu ilipokuwa ikihifadhiwa. Nao mfuko wa damu haupatikani kirahisi, kwa hiyo kuutupa kunauma.

Shida ni kwamba homa hiyo nyepesi na ile inayoua huanza kwa sura moja.

Chukua mgonjwa wa kundi O ambaye, kwa kuchanganya majina, ametundikiwa damu ya kundi A. Mtu wa kundi O ana kingamwili dhidi ya A tayari, hata kama hajawahi kuongezewa damu maishani. Zikikutana na chembe nyekundu ngeni, zinaamsha protini za kinga ambazo huzipasua chembe hizo mumo humo mshipani. Himoglobini inamwagika kwenye plazma na kutoka na mkojo, ambao hugeuka mwekundu au wa rangi ya kahawia. Presha inashuka, figo zinaweza kusimama, na mfumo wa kugandisha damu ukivurugika, mgonjwa anaanza kuvuja damu hata palipochomwa sindano.

Lakini dakika ya kumi hayo yote bado hayaonekani. Kinachoonekana ni joto kupanda nyuzi moja au zaidi, baridi, pengine maumivu ya kiuno au ya mkono wenye dripu. Wengine husema tu kwamba wanahisi jambo baya linakuja. Kauli hiyo isipuuzwe. Aliye chini ya nusukaputi hawezi kulalamika, kwa hiyo kwake dalili huwa presha inayoshuka bila sababu, mkojo mwekundu, au jeraha lisiloacha kutoka damu.

Sasa tupige hesabu. Tuseme damu inaingia mililita 2 kwa dakika. Ikifungwa dakika ya kumi, ameingiwa na mililita 20. Ukipunguza kasi kwa nusu na kusubiri nusu saa parasetamoli ifanye kazi, unamwongezea 30 nyingine, yaani umezidisha mara mbili na zaidi. Na ukali wa madhara haya hufuata sana kiasi kilichoingia. Wala hakuna dawa inayozitoa chembe hizo zikishaingia. Mbaya zaidi, parasetamoli inaweza kuishusha homa huku upasukaji ukiendelea, ukaondolewa dalili iliyokuwa inakuonya.

Kufunga dripu si kung'oa sindano mshipani. Kanula inabaki, maana presha ikianguka utauhitaji mshipa huo. Mpira ndio unaobadilishwa wote, kwa sababu ndani yake bado mna damu. Ukiunganisha maji ya chumvi juu ya mpira uleule, unamsukumia mgonjwa damu ileile uliyotaka kuizuia. Kisha hapo hapo kitandani linganisha jina na namba kwenye utepe wa mkononi na zile za mfuko, pima joto, presha, mapigo ya moyo na upumuaji, na umwite daktari. Mfuko usitupwe. Unarudi maabara pamoja na sampuli mpya ya damu, wapime upya makundi, watazame kama plazma imekuwa nyekundu, na wapime kama kingamwili zimeshikamana na chembe nyekundu. Huenda pia wakaotesha sampuli ya damu ya mfuko kutafuta bakteria, hasa homa ikiwa kali na presha imeanguka.

Upungufu wa pumzi nao hufungiwa dripu, ingawa hapo kisa ni kingine. Ikiwa maji yamezidi mwilini, aghalabu presha hupanda. Mgonjwa huketishwa, hupewa oksijeni na dawa ya kukojoza. Ikiwa mapafu yamejeruhiwa na kingamwili za mchangiaji, mara nyingi presha hushuka na dawa hiyo haimsaidii. Koo likibana au midomo ikivimba, ni adrenalini msulini bila kuchelewa.

Mahali pamoja tu ndipo ninapokubali mfuko uleule uendelee: vipele vya kuwasha peke yake, bila homa, bila presha kushuka, bila shida ya kupumua. Hata hapo dripu hufungwa kwanza, mgonjwa apewe dawa ya mzio, na daktari aamue baada ya vipele kutulia. Damu huanza tena polepole, muuguzi akiwa karibu.