Kukopa ununue kijiko, au kukodi? Tuanzie siku ya mwisho ya mkataba

Mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya ujenzi Morogoro aliniletea karatasi tatu ndani ya bahasha ya kaki. Zote zilihusu mashine moja: kijiko cha njano cha kuchimbia mitaro, bei Sh120 milioni. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya benki, mkopo wa miaka minne kwa riba ya asilimia 18. Ya pili ilikuwa ya kampuni ya kukodisha mitambo: Sh36 milioni kwa mwaka, miaka minne, kisha mashine inarudishwa. Ya tatu ilitoka kampuni hiyo hiyo: Sh46 milioni kwa mwaka, na mwisho wa mwaka wa nne analipa Sh1 milioni, mashine inakuwa yake.

"Mwanangu, huyu kijana wao amenipigia hesabu," akaniambia. "Benki nitalipa milioni 178. Wao nikirudisha mashine nalipa 144. Halafu anasema ada yote naitoa kwenye faida kabla ya kodi. Sasa mimi benki nikatafute nini?"

Niliudhika na hesabu ile, na bado naudhika kila nikiiona. Namba zake ni sahihi, ila zimekatwa mahali pabaya. Inamwonyesha mtu pesa inayotoka, kisha inanyamaza kuhusu kinachobaki uani siku ya mwisho. (Neno "kodi" lina maana mbili, kwa hiyo hapa nitasema "ada" kwa malipo ya ukodishaji, na "kodi" iwe ile ya TRA.)

Nianze na mkopo. Kampuni inalipa kodi ya asilimia 30 ya faida. Ikinunua kijiko kwa mkopo, rejesho lenyewe si gharama ya kikodi. Kinachotolewa kwenye faida ni riba, pamoja na uchakavu wa mashine kwa viwango vya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Mitambo ya ujenzi na ya kuchimba udongo iko daraja la 1, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kwa mashine ya Sh120 milioni, mwaka wa kwanza unatoa Sh45 milioni, wa pili Sh28.1 milioni, wa tatu Sh17.6 milioni, wa nne Sh11 milioni. Kwenye vitabu inabaki Sh18.3 milioni. Watu wengi hawajui kwamba uchakavu wa daraja hili unashuka kwa kasi hivi, na ndiyo maana mwaka wa kwanza wa mkopo huwa mwepesi kuliko wanavyodhani. Rejesho ni Sh44.6 milioni, lakini riba ya Sh21.6 milioni na uchakavu wa Sh45 milioni vinapunguza kodi kwa karibu Sh20 milioni. Mzigo halisi wa mwaka huo ni kama Sh24.6 milioni. Mwaka wa nne mambo yamegeuka: riba imeshuka sana, uchakavu umepungua, na mzigo halisi ni Sh39.3 milioni.

Miaka hiyo minne huwezi kuijumlisha hivi hivi, kwa sababu shilingi ya mwaka wa nne haina uzito wa shilingi ya leo. Mimi huirudisha yote kwenye thamani ya leo kwa riba ile ile ya benki baada ya kodi: asilimia 18 ukitoa asilimia 30 yake, inabaki 12.6. Kuna njia fupi ya kukagua jibu. Ukitumia kiwango hicho, mkopo wenyewe baada ya kodi una thamani ya leo sawasawa na bei ya mashine, yaani Sh120 milioni. Unachopunguza ni nafuu ya kodi inayotokana na uchakavu tu, ambayo hapa ni Sh24.4 milioni. Kununua kwa mkopo kunamgharimu mama huyu Sh95.6 milioni za leo.

Karatasi ya pili ni rahisi. Ada ya Sh36 milioni inatolewa yote kwenye faida, kodi inapungua kwa Sh10.8 milioni, na mzigo halisi ni Sh25.2 milioni kila mwaka. Kwa thamani ya leo, miaka minne ni Sh75.6 milioni. Bima na matengenezo ni juu yake katika njia zote mbili, kwa hiyo nimeviacha nje. Kama kampuni ya kukodisha ingebeba matengenezo makubwa, ningeyahesabu upande wa mkopo peke yake.

Kwa hiyo kukodi ni nafuu kwa Sh20 milioni? Hapo ndipo kijana wa mauzo alipoishia. Lakini aliyekopa, siku ya mwisho ana kijiko. Swali la maana likawa moja: kijiko hicho lazima kiuzwe shilingi ngapi baada ya miaka minne ili njia hizi mbili zilingane? Sh20 milioni za leo ni kama Sh32 milioni za mwisho wa mwaka wa nne. Na akiuza, TRA nayo ina fungu lake, kwa kuwa bei ikizidi thamani iliyobaki kwenye vitabu, ile Sh18.3 milioni, ziada inaingia kwenye mapato na kutozwa asilimia 30, ikiwa kampuni haina mali nyingine katika daraja hilo. Ukipiga hesabu hiyo kinyumenyume unafika kwenye Sh38 milioni.

Namba hiyo nilimwandikia mama nyuma ya bahasha, kwa kalamu nyekundu. Kama kijiko kitauzika zaidi ya Sh38 milioni, akope. Kama hakitafika, akodi. Kodi, riba, uchakavu, vyote vimeshamezwa ndani ya namba hiyo moja, na hiyo ni namba ambayo mtu wa mitambo anaweza kuijibu kuliko mhasibu.

Tukaenda kuuliza. Dalali wa mitambo hakutuuliza mwaka wa mashine kwanza, alituuliza saa. Kijiko kina mita ya saa, na bei yake ya mkononi inafuata mita hiyo. Alituonyesha kimoja kilichokuwa uani kwake, akaushika mkono wa mbele na kuutikisa. Ndoo ilicheza kwenye pini zake kama jino linalotaka kung'oka, na kwenye silinda ya haidroliki kulikuwa na utando wa mafuta ulionasa vumbi. "Hii ndiyo inashusha bei, mama, siyo rangi," alisema. Mashine ya umri uleule iliyopakwa grisi kila asubuhi, alisema, angeichukua kwa Sh50 milioni. Kwa bei hiyo, baada ya kutoa kodi ya ile ziada, gharama ya kununua inashuka hadi Sh70.4 milioni za leo, chini ya kukodi kwa zaidi ya Sh5 milioni. Lakini kile kilichokuwa kinatikisika kisingefika hata thelathini.

Sasa karatasi ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Juu imeandikwa mkataba wa ukodishaji. Kijana wa mauzo alisema Sh46 milioni zote zinatolewa kwenye faida kila mwaka. Si kweli, na sababu iko kwenye mstari mmoja wa ukurasa wa mwisho: mkodi ana haki ya kununua kwa Sh1 milioni. Sheria yetu ya kodi inatazama kiini cha mkataba, jina lake halina uzito. Kama umiliki unahamia kwa mkodi mwishoni, au ana haki ya kununua kwa bei iliyopangwa tangu mwanzo, au muda wa mkataba unazidi asilimia 75 ya maisha ya mashine, au mashine itakuwa imebaki na chini ya asilimia 20 ya thamani yake, hiyo ni karadha. Na karadha kwa macho ya kodi ni mauzo kwa mkopo. Mkodi anahesabiwa kuwa mwenye mali tangu siku ya kwanza, anadai uchakavu, na kila ada inagawanywa kuwa riba na mtaji.

Mwaka wa kwanza hilo halimuumizi. Uchakavu wa Sh45 milioni pamoja na riba iliyojificha ndani ya ada, karibu Sh23.8 milioni, ni zaidi ya ile Sh46 milioni. Maumivu yako mwishoni. Mwaka wa nne anachoruhusiwa ni Sh18.8 milioni tu. Mhasibu aliyeendelea kutoa 46 atakuwa amezidisha gharama kwa Sh27 milioni, na ukaguzi ukija kuna kodi ya zaidi ya Sh8 milioni pamoja na riba ya ucheleweshaji. Mimi nimeona mafaili ya namna hii, na mwenye biashara huwa ndiye wa mwisho kujua.

Ukishaitambua kuwa karadha, kuilinganisha na benki ni kazi ndogo. Kodi ni ileile na umiliki ni uleule, inabaki riba peke yake. Ada ya Sh46 milioni mara nne na ile milioni moja ya mwisho, kwa mashine ya Sh120 milioni, ni riba ya karibu asilimia 20. Benki ni 18. Tofauti hiyo ni bei ya kitu kimoja: kampuni ya karadha haikudai hati ya nyumba, mashine yenyewe ndiyo dhamana. Kwa asiye na hati, au asiyetaka kuiweka nyumba ya watoto rehani, huenda inastahili. Sioni ubaya kuilipa, mradi mtu ajue kwamba ndicho anachokinunua.

Haya yote ni kwa kampuni yenye faida. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi Sh100 milioni kwa mwaka na anatozwa kwa makadirio, kodi yake inafuata mauzo. Hatoi riba, hatoi ada, hatoi uchakavu. Kwake hakuna "baada ya kodi", na akiambiwa atapata nafuu ya asilimia 30 anadanganywa. Nilimpigia hesabu mtu wa namna hiyo kwa bei hizi hizi, bila kodi yoyote, na ile Sh38 milioni ikapanda hadi karibu Sh45 milioni. Maana yake kununua kwa mkopo kunahitaji mashine imbakie na thamani kubwa zaidi. Kampuni inayopata hasara nayo iwe macho: Sh45 milioni za uchakavu wa mwaka wa kwanza hazipunguzi kodi ambayo haipo. Zinasubiri faida ya miaka ijayo, na kwa kusubiri zinapungua uzito.

Mama alichukua mkopo wa benki. Hati alikuwa nayo, na kazi ya mitaro ya maji alikuwa ameshaisaini kwa miaka miwili ya mwanzo. Mashine ilipofika alimkabidhi dereva daftari la kurasa 96, na kila Jumamosi jioni dereva anaandika humo mambo mawili: namba iliyo kwenye mita ya saa, na kama pini za ndoo zimepakwa grisi. Daftari hilo nimemwomba alihifadhi pamoja na mkataba wa mkopo, kwa ajili ya yule dalali.