Machungwa ya Don Corleone na kiu yetu ya fumbo

"Mbona wachambuzi mnatukataza kuona ishara kwenye machungwa ya The Godfather, wakati kila yakitokea kuna mtu anakufa?"

Hakuna aliyekatazwa. Ila siku moja nilichukua karatasi, nikaigawa safu mbili, machungwa huku na vifo kule, kisha nikaitazama filamu yote tangu harusi mpaka mlango wa mwisho, karibu saa tatu. Safu hizo hazikukubaliana.

Tuanze na tukio ambalo kila mtu analikumbuka. Ni msimu wa Krismasi, mwaka 1945. Vito Corleone, Don na mkuu wa familia ya mafia, anatoka ofisini, anavuka kwenda kwenye genge la matunda ng'ambo ya barabara, ananyooshea kidole machungwa, na muuzaji anamtilia kwenye mfuko wa karatasi. Watu wawili wanamjia mbio. Vito anakimbilia gari, risasi zinampata, na machungwa yanabingirika chini. Hapo ndipo watazamaji wengi walipofungia hesabu: chungwa ni kifo. Lakini Vito hakufa pale. Alipigwa risasi tano akapona, akarudi nyumbani, akaishi karibu miaka kumi mingine, na kupona kwake ndiko kulikovuruga mipango ya adui zake wote. Tukio linalotajwa kuwa ushahidi mkuu wa ishara ya kifo ni tukio la mtu aliyenusurika.

Sasa tazama waliokufa kweli. Luca Brasi, muuaji wa Vito, ananyongwa kwenye baa. Paulie, dereva na mlinzi wa Vito, anapigwa risasi garini, kando ya matete. Sollozzo, adui aliyeamuru Vito apigwe risasi, na kapteni wa polisi anayemlinda wanauawa mezani mgahawani. Sonny, mtoto mkubwa wa Vito, anamiminiwa risasi kwenye kituo cha kulipia barabara. Apollonia, mke wa kwanza wa Michael mtoto wa Vito, analipuliwa na gari kule Sisili, kisiwa chenye michungwa mpaka basi. Carlo, mkwe wa Vito, ananyongwa kwenye kiti cha mbele cha gari, teke lake likipasua kioo cha gari. Kwenye vifo hivyo vyote sikuona chungwa lililowekwa mbele yetu. Lakini niliona kitu kingine: Paulie gari, Sonny gari, Apollonia gari, Carlo gari. Wanne. Hata Vito alipigwa risasi akiwa amelifikia gari lake. Kama kazi yetu ni kuhesabu kitu kinachokaa karibu na kifo, basi gari linalishinda chungwa kwa mbali, na sijawahi kumsikia mtu akisema gari ni taashira ya mauti katika filamu hii.

Hesabu hii ya magari imenikaa kichwani kwa miaka, kwa sababu inaonyesha kosa lilipo. Hii ni filamu ya wauaji. Watu wanakufa tangu theluthi ya kwanza hadi mwisho. Kitu chochote utakachokifuatilia, kiwe kofia, simu, glasi ya mvinyo au koti, hakitakosa kuangukia karibu na maiti. Ukaribu peke yake hauthibitishi chochote. Ili chungwa liwe ishara ya kifo ingebidi litangulie vifo kuliko vitu vingine, na likose pale kifo kinapokosekana. Halifanyi hivyo. Tessio, mmoja wa makamanda wa Vito, analishika chungwa kwenye harusi mwanzoni kabisa, na mauti yake yanamfikia miaka kumi baadaye, filamu ikielekea ukingoni. Ukisema chungwa lile lilimtabiria, basi hakuna chungwa litakalowahi kukosea, maana kila binadamu hatimaye hufa.

Dalili nyingine ya kusoma kupita kiasi ni pale kitu kinapoanza kunyumbuliwa. Kifo cha Sonny hakina chungwa, basi wapo wanaoonyesha bango la matangazo njiani. Carlo hana chungwa, wanataja suti yake ya rangi ya machungwa. Tumetoka kwenye tunda, tukaenda kwenye picha ya tunda, tukaishia kwenye rangi ya nguo. Nikiona maana inahitaji kulishwa namna hiyo ili iendelee kuishi, najua haikuzaliwa na filamu.

Sasa upande wa pili, ambao nadhani haueleweki. Dean Tavoularis, aliyebuni mandhari ya filamu hii ya mwaka 1972, alieleza kuwa machungwa yaliwekwa ili kuipa nuru kidogo mandhari iliyojaa weusi. Wengi wakisikia hivyo hununa, kana kwamba wamenyang'anywa kitu. "Kumbe ni mapambo tu!" Mimi naona ametupa kikubwa kuliko fumbo. Gordon Willis, mpiga picha mkuu, alishusha taa kutoka juu, macho ya Marlon Brando yakazama kwenye vivuli, na ofisi ya Don ikawa kahawia na nyeusi tupu. Katika giza la namna hiyo jicho linatafuta pa kushika, na chungwa linalishika. Kitazame kikao cha wakuu wa familia za mafia: suti nyeusi, mbao nyeusi, nyuso zisizosomeka, halafu mabakuli ya matunda mezani. Rangi ile ndiyo inayokufanya uhisi jinsi pengine pote palivyo pazito. Hiyo nayo ni maana, tena inafanya kazi kwa mtu ambaye hajawahi kusikia neno motifu. Anayesema "ni rangi" hajasema "ni bure".

Kwa nini basi sisi hasa tunapenda fumbo? Nadhani tumelelewa nalo. Mtu akivaa kanga mbele ya jirani yake, hatuulizi kama amekusudia, kwa sababu kanga hununuliwa kwa jina lake, na jina limechapwa pale pale. Msikilizaji wa taarabu akilitafuta fumbo yuko sahihi, kwa kuwa mtunzi na msikilizaji wameshakubaliana kwamba limo. Kisha shuleni tukaulizwa "fafanua taashira tano", na zikipatikana tatu tulibuni mbili. Makubaliano hayo hayapo kila mahali. Kabla ya kusoma kitu kama kanga, sharti uone kama filamu imekiandika jina.

Na The Godfather inayo kanga yake: samaki. Luca Brasi anauawa kwenye baa ambayo kioo chake kimechorwa samaki, na baadaye kifurushi kinaletwa kwa akina Corleone. Ndani kuna fulana ya Luca ya kuzuia risasi, imeviringishiwa samaki. Sonny anauliza hiki ni nini. Clemenza, kamanda mwingine wa Vito, anamjibu kwamba ni ujumbe wa Kisisili: Luca Brasi amelala na samaki. Angalia jinsi tukio lilivyojengwa. Mtu ndani ya hadithi amekituma kitu kwa makusudi, mwingine amekishangaa, wa tatu amekifasiri, na baada ya hapo mambo yanabadilika. Ukimwondoa samaki ukaweka kuku, ujumbe umekufa. Ukiyaondoa machungwa ya gengeni ukaweka mapera mekundu, Vito atapigwa risasi zile zile na mfuko utapasuka vile vile. Tena, safari ya kununua matunda ilikuwemo tayari kwenye riwaya ya Mario Puzo ya mwaka 1969, kabla ya mbunifu yeyote wa mandhari kuajiriwa.

Mlango nao umeandikwa jina, ingawa hakuna anayeufasiri kwa mdomo. Filamu inafunguka ndani ya ofisi iliyozibwa, mtu akiomba msaada gizani huku harusi ikirindima nje juani. Inafungika kwa mlango ule ule kumfungia nje Kay, mke wa Michael, uso wake ukitoweka nyuma ya ubao. Kati ya ncha hizo mbili tumejifunza nani huruhusiwa kuingia na nani hubaki nje. Mlango umekua pamoja na hadithi. Chungwa la harusini na chungwa la gengeni hayajapishana hatua hata moja.

Ila kuna chungwa moja ambalo siwezi kuliita rangi tu. Mwaka ni 1955, Vito ni mzee, yuko bustanini na mjukuu wake. Anachukua ganda la chungwa, analichonga meno, analipachika kinywani na kumngurumia mtoto. Mtoto anaangua kilio, hofu ya kweli. Babu anamkumbatia akicheka, wanarudi kufukuzana kati ya minyanya, mpaka Vito anayumba na kuanguka. Inasimuliwa kuwa mchezo huo Brando aliuleta mwenyewe. Hata kama ulitokea papo hapo, unasomeka vizuri: mtu aliyewatisha watu maisha yake yote anavaa sura ya dubwana kwa mara ya mwisho, kwa mzaha, na anayemwogopa ni mtoto asiyejua lolote juu yake. Hayo yamo kwenye tukio lenyewe, katika meno, katika kilio, katika kukumbatia. Ukija na kamusi inayosema "chungwa: kifo", unayapita yote hayo mbio.

Wanaoona ishara wana hoja moja nzito, na ninaikubali. Kitu kikirudiwarudiwa, mtazamaji hujifunza kukitazamia, awe mtunzi amekusudia au la. Watengenezaji nao hujifunza. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 1974, Fanucci, jambazi anayewatoza watu wa mtaa, anachukua chungwa sokoni muda mfupi kabla ya kuuawa, na kufikia sehemu ya tatu, ya mwaka 1990, ni vigumu kuamini kwamba walioshika kamera hawakujua watu wanasema nini juu ya tunda hili. Hapo chungwa limeshakuwa kanga. Lakini jina lilichapwa baadaye, na si haki kulirudisha kwenye kitambaa cha 1972.

Kinachoniuma zaidi ni kile tunachokosa tukiwa tunafuata machungwa yanayobingirika. Pale pale gengeni yupo Fredo, mtoto wa Vito, aliyepaswa kumlinda baba yake kwa sababu Paulie siku hiyo alisingizia ugonjwa. Anatoa bastola, inamponyoka mikononi, anaketi ukingoni mwa barabara akilia, hajui ashike nini. Msiba wake wote umeanzia hapo, na jicho la mtazamaji liko kwenye matunda.

Mwishoni mwa sehemu ya pili, Fredo huyo anauawa kwa amri ya Michael, mdogo wake, akiwa ndani ya mtumbwi ziwani, ameshika ndoano, akisali Salamu Maria kwa sababu anaamini ukisali samaki hushika. Mtu akiniambia samaki yule ana undugu na samaki wa Luca Brasi, nitavuta kiti tuzungumze. Filamu ilishatufundisha mapema samaki husema nini katika familia ile, na hapa mtu anakwenda kulala majini kweli.